Sebule ya Penseli
Shangazi yangu hukadiria gharama za ujenzi, na hana simile na hesabu za kubabaisha. Jana, nikiwa naye ofisini, mteja na mkewe walimletea ramani mbili za nyumba. Mume aling'ang'ania ile kubwa: "Hii bei yake kwa mita ya mraba ni ndogo!"

Shangazi akachukua penseli, akaiongezea ile ndogo sebule ya pili, tupu.

"Sasa hii ndiyo rahisi kwa mita, mwanangu. Jiko na bafu ndivyo vinavyokula pesa. Chumba kitupu kinashusha wastani, lakini jumla inapanda. Linganisha gharama ya nyumba nzima iliyokamilika, vifaa vya ubora uleule, vyumba mnavyohitaji."

Nilimvulia kofia.

Mke akauliza, "Na humo sebuleni tungemweka nani?"

"Mngeiweka hiyo bei ndogo," akajibu Shangazi, akaifuta ile sebule.