Alama Sita za Mama Wino

Ilikuwa mwaka ule chuo kilipopaka kuta zake rangi ya krimu. La, nakosea. Rangi ilitangulia. Ni mwaka uliofuata, maana kuta zilikuwa zimeshaanza kuchafuka usawa wa mabega ya wanafunzi, na mimi nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu. Nilikuwa tarishi. Kazi yangu kubeba bahasha, kufungua milango na kuambiwa, "Mzee, ngoja hapo." Kungoja nilikuwa nakujua sana.

Mama Wino ni mtoto wa dada yangu. Jina hilo alipewa na wanafunzi. Miaka kumi na minne alisimamia chumba cha kuchapa, na vidole vyake havikuwahi kutakata hata siku ya harusi yake. Siku moja likabandikwa tangazo: atakayebaki chumba kile lazima awe na cheti cha kompyuta. Wapo waliomwambia alie kwa mkuu wa chuo. Hakulia. Alijiandikisha kozi ya jioni papo hapo chuoni, na miaka yake arobaini na mitatu, akakaa dawati la mbele pamoja na watoto waliozaliwa yeye akiwa mama wa watu.

Kila asubuhi kabla ya kazi alinifuata kwenye benchi langu la mlangoni.

"Mjomba, shikamoo. Nisikilize."

"Marahaba. Mimi nitajua nini, mama?"

"Hujui, ndiyo maana nakutaka wewe. Ukielewa wewe, hata msahihishaji ataelewa."

Basi nikasikiliza. Aliniambia kwamba mtihani wao huja na visa. Unapewa kazi fulani, unachagua muundo wa kupanga data, kisha unasema kwa nini. Usiposema kwa nini, alama nusu zimekwenda.

Kisa cha kwanza, mtu anaandika barua, anakosea, anataka kutengua. "Hapo ni rundo," akasema. "La mwisho kuingia ndilo la kwanza kutoka, kwa sababu kosa unalotaka kulifuta kwanza ni lile ulilofanya sasa hivi."

"Na nikijuta kwamba nimetengua?"

"Rundo la pili. Kila ninachotengua kinahamia kule, nikikitaka nakirudisha. Lakini nikishaandika kitu kipya, lile la pili linafutwa lote."

"Kwa nini walifute?"

"Njia ile haipo tena, mjomba."

Neno hilo nilikaa nalo siku nzima. Nilipeleka bahasha ya uhasibu maktaba.

Kisa kingine ni simu kukumalizia neno kabla hujaliandika lote. Hapo alichagua mti wa herufi. Ukiandika k, kisha a, unashuka matawi mawili, na chini yake wako kalamu, kabati, karatasi na ndugu zao wote. Maneno yawe elfu au milioni, kushuka mpaka hapo ni hatua mbili tu. Nikamuuliza, je, lile jedwali la hashi, muundo mwingine aliousifia wiki nzima? Akacheka. "Lile ukilipa neno zima linalipata upesi. Ukilipa nusu ya neno linakutazama tu kama wewe unavyonitazama."

Mtihani ukafanyika. Matokeo yakabandikwa. Mama Wino: arobaini na nane. Kufaulu ni hamsini.

Hakunyanyua sauti. Alikwenda dirisha la ofisi, akajaza fomu ya kudai kuona karatasi yake, nayo ni haki ya kila mtahiniwa ingawa hakuna aliyewahi kuitumia. Fomu zenyewe alikuwa amezichapa yeye. Akaonyeshwa. Rundo, alama zote. Mti wa herufi, alama zote. Kisa cha printa, sifuri kati ya sita, na mstari mwekundu kutoka ukingo mpaka ukingo wa ukurasa.

Wakamwita ofisini kwa mkuu wa idara, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani ya kamba. Mimi nilibeba faili, nikaambiwa ningoje humo humo. Msahihishaji alikuwepo, tulimwita Mwalimu Nukta kwa sababu ukisahau nukta anakukata alama.

"Printa ni foleni," Mwalimu Nukta akasema kabla hatujakaa. "Wa kwanza kufika, wa kwanza kuhudumiwa. Kila kitabu kinasema hivyo, na mwongozo wa kusahihishia unasema hivyo. Huyu kaandika foleni ya kipaumbele. Kajitungia."

Mkuu wa idara akavua miwani. "Dada, tusivutane. Unapungukiwa alama mbili. Mimi nina uwezo wa kukuongezea mbili za kukuvusha. Umefaulu, tunyanyuke."

 Nikamnong'oneza, "Zichukue, mwanangu."

"Mjomba, tulia kidogo." Akamgeukia mkuu. "Ahsante, mama. Sizitaki."

"Huzitaki?"

"Mbili za huruma sizitaki. Nataka sita za jibu langu. Nikichukua hizo, kila nitakapopita hapo koridoni mwalimu atasema nilibebwa. Na chumba cha printa ni changu. Nisipojua printa mimi, nani humu ndani anaijua?"

"Usinitishe kwa miaka yako ya printa," Mwalimu Nukta akasema.

"Sikutishi. Naomba usome swali. Sentensi ya pili, kwa sauti."

Hakulisoma. Mkuu wa idara ndiye aliyevaa miwani akasoma: printa moja inatumiwa na ofisi nzima, kazi za dharura hutangulia, na zenye uzito sawa hutoka kwa kufuata zilivyofika.

 

"Foleni ya kawaida," Mama Wino akasema, "ingeiacha kazi ya dharura nyuma ya kurasa mia tatu za mtu aliyewahi. Ndiyo maana nimechagua mti ambao kazi yenye haraka kuliko zote hukaa kileleni. Kuingiza kazi au kutoa ya juu ni hatua chache, hata kazi ziwe nyingi."

Mwalimu Nukta akainuka kitini kidogo. Nadhani aliona tundu. "Mti huo hautunzi mpangilio wa kufika! Dharura mbili zikilingana, ya pili inaweza kutoka kwanza."

"Kweli kabisa. Geuza ukurasa."

Akageuza. Pale, kwa mwandiko mnene wa Mama Wino: kila kazi ipewe namba ya kufika, uzito ukilingana, namba ndogo itangulie.

Mkuu wa idara akaomba mwongozo wa kusahihishia. Akautazama juu, akautazama chini. Ulikuwa wa mwaka uliopita. Swali lilikuwa limeongezwa ile sentensi ya pili, lakini mwongozo ukanakiliwa ulivyokuwa. Mwalimu Nukta akavuta kalamu nyekundu, akafuta sifuri, akaandika sita. Hamsini na nne. Mkono wake haukuwa na furaha, lakini aliandika, na hilo nampa.

"Ahsante, mwalimu," Mama Wino akasema. "Na sahihi yako pembeni, tafadhali."

Akatia sahihi. Mama Wino akatoka, akaenda kufungua chumba chake, kwani wanafunzi walikuwa wameshajipanga mlangoni.

Nilibaki nikikusanya faili. Mwalimu Nukta akawa anajisemea, "Kuna wengine wawili waliojibu hivi hivi. Niliwakata." Nikasimama na faili kifuani. Wale hawakujaza fomu. Walisoma ubao, wakainamisha vichwa, wakaenda zao.

Nikauliza, na niliuliza kwa adabu, kwanza pale, kisha wiki iliyofuata, kisha siku yangu ya mwisho kazini wakati wa kurudisha funguo: hao wawili, nani atakwenda kuwaita?