Mgeni Wangu Mwenye Muwasho

Siku ya Jumatano, tarehe 14 Aprili 1993, saa nne asubuhi, niliingia katika duka la dawa la Majengo nikiwa nimejitanda khanga mpya na nimeubeba uongo nilioutunga tangu alfajiri. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, ambapo maduka ya dawa ya watu binafsi yalianza kuota mjini, na katika mengi yao aliyekuuzia vidonge jana huenda juzi alikuwa akiuza misumari. Duka hili lilikuwa tofauti. Mwenyewe alikuwa mfamasia aliyesomea, kijana wa Kondoa mwenye umri kama wa mwanangu wa pili, mpole wa sauti, na cheti chake kilitundikwa ukutani ndani ya kioo. Nilikisoma chote kabla ya kumsalimu. Mimi nilijua kusoma nikiwa na miaka thelathini na miwili, katika darasa la watu wazima, mwaka 1972, na tangu hapo sipiti mbele ya maandishi bila kuyasoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina mgeni nyumbani. Mwanamke. Anawashwa."

"Pole yake. Anawashwa wapi?"

Nilitazama rafu ya dawa za kikohozi. "Pale," nikasema.

Hakucheka. Alisogea hadi mwisho wa kaunta, mbali na mlango, nami nikamfuata. Akashusha sauti na kusema kwamba angeweza kunipa dawa papo hapo, lakini muwasho wa sehemu za siri una sababu nyingi na kila sababu ina dawa yake. Kwa hiyo angeniuliza maswali machache, niyapeleke kwa mgeni, kisha nirudi na majibu.

"Niulize tu," nikasema. "Mgeni wangu hanifichi kitu."

"Vizuri. Ameanza lini?"

"Jumanne, tarehe 2 Machi, baada ya sala ya adhuhuri."

Aliniangalia kidogo. "Mgeni ana kumbukumbu nzuri."

"Ni mtu makini," nikasema.

"Je, ni mara ya kwanza?"

Kabla sijajibu, kivuli kiliziba mlango. Aliingia jirani yangu wa sokoni, muuza vitunguu, mwanamke mwema ambaye sauti yake ilifika kokote alikokusudia na mahali pengine pia. Siri ikimfikia saa nne, saa sita ilikuwa imeshafika kwa wauza mtama. Nilikuwa mjane wa miaka mitatu na miezi minane. Mume wangu alifariki tarehe 9 Agosti 1989. Mjane anayewashwa mahali pale, sokoni hapo, angehesabiwa amepata mwanamume, na angetajiwa hata jina lake.

"Nipe dawa ya kichwa," nikamwambia mfamasia kwa sauti.

Alinipa. Jirani akasema yeye amefuata dawa ya mafua, lakini hana haraka, na akajikalia kwenye benchi. Nikangoja. Akaanza kutusimulia habari za mkwewe. Nikaomba dawa nyingine ya kichwa.

"Kichwa gani hicho?" akauliza jirani. "Unacho kimoja au umekodi?"

Ndipo mfamasia akachukua bahasha ndogo ya vidonge, akaandika juu yake, akanisogezea pamoja na kalamu. Iliandikwa: *Mara ya kwanza?*

Niliandika: *Hapana. Ni mara ya tatu tangu Novemba. Mara mbili alinunua dawa ya kuweka ndani, duka jingine. Muwasho uliisha, ukarudi.*

Akachukua bahasha ya pili. *Anatokwa na uchafu? Rangi? Harufu?*

*Mweupe, mzito kama mtindi. Hauna harufu.*

*Vidonda, damu, homa, maumivu chini ya tumbo?*

*Hakuna hata kimoja.*

"Mnaandikiana nini?" akauliza jirani yangu, ambaye hakuwa amesoma. "Posa? Mwanangu, huyu ni mama yako kwa umri."

"Ni maelekezo ya dawa, mama," akasema mfamasia.

"Ya dawa ya kichwa? Bahasha tatu?"

Ya tatu ilikuwa mbele yangu. *Ana mume au mwenza? Naye anawashwa?*

Niliikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka. *Mgeni wangu ni mjane wa heshima.*

Akaandika chini yake: *Samahani kwake. Swali hili namuuliza kila mtu.* Kisha: *Anajisafisha na nini?*

*Sabuni ya mche na maji ya moto yenye chumvi. Mara nne kwa siku.*

Hapo alifumba macho kidogo, kama mtu aliyemwagiwa maji hayo yeye mwenyewe. *Aache vyote. Maji matupu yanatosha. Nguo za ndani ziwe za pamba, zisibane.* Akageuza bahasha. *Ana kiu isiyo ya kawaida? Anaamka usiku kwenda haja ndogo?*

Swali hili sikulitegemea. Niliona halihusiani na jambo letu, lakini nililijibu kwa usahihi: ndoo ndogo ya maji ya kunywa, iliyokuwa ikinitosha siku mbili, sasa haifiki magharibi, na usiku naamka mara tano. Niliandika hivyo hivyo, "naamka", na sikuliona kosa langu hadi nilipokwisha kumrudishia bahasha.

Alisoma. Hakunyanyua uso. Alimgeukia jirani yangu, akampa dawa yake ya mafua, akamweleza namna ya kuitumia, mara mbili, polepole, hadi yule mama akachoka na kwenda zake.

"Mama," akasema tulipobaki wawili, "muwasho huu unaelekea kuwa wa fangasi, na dawa yake ninayo. Lakini fangasi wanaorudi mara tatu ndani ya miezi sita, pamoja na kiu na mkojo mwingi, wanataka kipimo kwanza. Huenda ni kisukari. Nikikuuzia dawa tu, nitakuwa nafuta maji sakafuni na bomba limepasuka. Nakuandikia barua ya hospitali."

"Umwandikie mgeni," nikasema.

"Nimwandikie mgeni." Akachukua karatasi nzima safari hii. "Jina lake?"

Kusema uongo kwa mdomo nilikuwa nimeweza, tena vizuri. Lakini hii ilikuwa karatasi, yenye mstari wa jina na mstari wa tarehe ya kuzaliwa, na mimi, ukiacha zile bahasha, sijapata kuandika neno la uongo kwenye karatasi tangu nilipofundishwa herufi. Na nilifikiri jambo la pili: jina la uongo likienda hospitali, jibu nalo litakuwa la mtu asiyekuwepo.

"Nipe kalamu," nikasema. "Nitajaza mwenyewe."

Nilijaza jina langu kamili, na mwaka 1940. Alipiga mhuri, akanipa tyubu moja ya dawa ya kupaka ya kunituliza kwa siku zile, akarudisha rafuni dawa zote za kichwa.

Kesho yake, Alhamisi tarehe 15, nilikaa kwenye benchi ya hospitali kati ya wanaume wawili. Muuguzi alitokeza kichwa mlangoni akauliza kwa sauti ya mwalimu wa zamu nina shida gani.

Nilisimama. "Ninawashwa sehemu za siri," nikasema, "tangu tarehe 2 Machi. Ninakunywa maji kupita kiasi na ninakojoa mara tano usiku. Barua hii hapa."

Mzee wa kulia kwangu alianza kukagua kucha zake. Mimi nilipewa kichupa. Maabara walichanganya mkojo wangu na dawa ya bluu, wakauchemsha, nao ukageuka rangi ya tofali. Saa saba na nusu daktari aliniambia nina kisukari, na kwamba nimewahi.