Oksijeni ya Kumi na Tatu

Mama Mikate alirudi shule akiwa na miaka arobaini na moja, na waliomcheka walichoka wenyewe. Miaka kumi na tisa alikuwa ameoka mikate ya mtaa mzima, na sasa alitaka cheti cha kidato cha nne ili chuo cha upishi kimpokee. Masomo mengine aliyamudu. Kemia ndiyo iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alisomea palepale jikoni, mkate ukiwa tanurini na mama yake mzazi kwenye kiti pembeni, akiota joto. Msimu wa baridi ulikuwa mkali. Bibi yule alilalamika kwamba upepo wa tundu la ukutani unamchoma mgongo, na binti, kwa mapenzi ya mtoto kwa mama, akaliziba kwa gunia la unga na kipande cha boksi. Joto likakaa. Haikupita wiki, vichwa vikaanza kuwauma. Bibi akawa anasinzia mchana kutwa na kuamka na kichefuchefu, wakasema ni uzee. Moto wa tanuri uliokuwa wa buluu ukageuka wa njano, kuta zikashika masizi, wakamlaumu muuza gesi. Mtu akitaka kutosikia, hata akipigiwa ngoma hasikii.

Siku moja mwalimu alikuwa amewapa kazi ya nyumbani: sawazisheni mlinganyo wa kuungua kwa butani, gesi iliyomo kwenye mitungi ya kupikia. Mama Mikate alianza vizuri, hatua kwa hatua kama alivyofundishwa. C₄H₁₀ ina kaboni nne, basi akaweka 4 mbele ya CO₂. Ina haidrojeni kumi, basi akaweka 5 mbele ya H₂O. Oksijeni ndiyo huachwa mwisho. Akahesabu upande wa kulia: nane kwenye CO₂, tano kwenye maji, jumla kumi na tatu. Ndipo alipokwama. Oksijeni ya hewani hutembea wawiliwawili, O₂, na kumi na tatu ni witiri. Ile moja ya mwisho ilimtesa, na kichwa kilikuwa kinamgonga. Namba ndogo za chini alijua hazigusiki. Lakini akafanya ujanja: CO₂ moja akaipunguzia oksijeni, ikawa CO.

C₄H₁₀ + 6O₂ → 3CO₂ + CO + 5H₂O

Kumi na mbili kushoto, kumi na mbili kulia. Alicheka peke yake. Akamwachia mama yake mkate wa mwisho auangalie, akaenda darasani, mitaa miwili tu kutoka pale.

Mwalimu, mzee mpole asiye na haraka, alipitia daftari na kalamu yake ikasimama. Akamweleza kwamba nusu haiogopwi: andika sita na nusu, kisha zidisha mlinganyo mzima kwa mbili.

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Ishirini na sita kwa ishirini na sita. Mama Mikate akaduwaa kwa urahisi wake. Lakini mwalimu alikuwa bado anautazama ule wa kwanza.

“Hesabu yako haina kosa,” alisema taratibu. “Umesawazisha. Ila huu ni moto uliokosa hewa, mama. Hii CO ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inaua. Anayenusurika nayo huweza kupoteza kumbukumbu.”

Mama Mikate akauliza moto wa aina hiyo unajulikanaje. Mwalimu akamjibu: unakuwa wa njano, unaacha masizi, na watu wanaumwa vichwa na kusinzia.

Mama Mikate hakuaga. Alipiga simu ya mama yake huku akikimbia, ikaita mpaka ikakata. Akaipiga tena. Alipofungua mlango wa jikoni, harufu ilikuwa ya mkate ulioungua tu, na bibi alikuwa kitini, shingo imelala, mashavu mekundu kama mtu mwenye afya. Akafunga gesi, akamkokota hadi uani. Majirani wakawapeleka hospitali.

Bibi hakufa. Mungu alimnusuru, watu walisema, na Mama Mikate aliitikia amina kila mara. Mtihani nao aliufanya. Swali la butani lilikuja, akaandika 13 bila kusita, akafaulu.

Tundu la jikoni sasa liko wazi, na bibi bado hukaa karibu nalo, amefunikwa shali mbili. Kila mchana humvuta binti yake upindo wa kanga na kumwomba kwa adabu, kama anavyoombwa mgeni.

“Binti, sijui wewe ni wa nani. Niitie mwanangu aje azibe hapa, upepo unanichoma. Yeye hanikatalii.”

Mama Mikate humwambia atamwita, kisha hurudi kukanda unga.