Mpishi wa Kofia Nyeupe

Hadi leo nikiona kofia nyeupe ya mpishi, damu inanichemka. Mwenye kofia hiyo hajawahi kukanyaga jikoni kwangu, lakini alikaribia kuniharibia kazi.

Mimi na dada yangu tunapika kwa ajili ya sherehe hapa mjini Baraka, kando ya ziwa: harusi, ubatizo, semina. Tunapikia uani kwangu kwa makala, yaani makaa, na mtaa mzima unatujua. Ila watu wa mbali walikuwa wanatupita, maana mgeni hamwamini mtu ambaye hajawahi kula kwake. Ndipo tukamwendea fundi mmoja wa tovuti, mwenye kibanda karibu na soko, atuandikie ukurasa wa "Sisi ni nani".

Akaandika kwa Kifaransa kitamu sana. Alinitumia nisome kabla hajauweka. Mimi nikaona maneno marefu, nikajisikia mtu mkubwa, nikajibu "sawa" bila kufika mwisho. Hilo kosa ni langu na silikani.

Wiki chache baadaye akaja mama mmoja kutoka Mboko, anaoza binti yake. Alikuwa amepiga simu kabla, kwa heshima zote. Akasimama uani, akaangalia mafiga, akaangalia simu yake.

"Mama, uyu mupishi wa kofia nyeupe iko wapi?"

Nikaishika simu. Kwenye ukurasa wetu palikuwa na picha ya mwanamume nisiyemjua, kwenye jiko la vyuma vinavyong'aa. Chini yake imeandikwa kwamba wapishi wetu wamesomea hoteli kubwa za Kinshasa na wanapika vyakula vya mabara yote. Nyuma yangu dada yangu anapepea moto, kitambaa kichwani, masizi hadi kwenye viwiko.

"Haiko, mama. Ni siye tu bawili."

"Kama munadanganya juu ya mupishi, juu ya nyama mutasema nini?"

Akaondoka. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilikuwa motoni, hakuonja hata kijiko kimoja. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu haikufika hata barabarani. Ile ingekuwa harusi yetu ya kwanza nje ya Baraka, na nilijua kabisa mama wa bibi harusi akisema "wale ni waongo" pale Mboko, hadi Uvira watasikia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na haki.

Nikaenda kwa fundi na aproni yangu yenye mafuta. Hata haya hakuona.

"Mama, batu banapenda vile. Ukiandika uani na makala, nani atakuja?"

"Atakuja mwenye kutaka kukula! We uliona wapi ile kofia kwangu?"

Nikavuta kiti, nikamwambia aandike ninavyosema, kwa Kiswahili. Kwamba tuko wawili, mtu na dada yake. Kwamba tunapikia uani, nyumba yenye geti la kijani, na mtu anaweza kuja kuona kabla ya kuagiza. Samaki tunanunua asubuhi ileile wanapotoka ziwani. Maji ya kunywa tunachemsha. Mteja aagize wiki moja kabla, na wageni wakizidi mia mbili tunakataa, kwa sababu hatuwawezi. Picha iwe ya dada yangu, na masizi yake. Fundi akaandika, anaguna kila mstari.

Halafu nikafika kwenye kuonja. Kwetu anayekupa chakula anakionja kwanza machoni pako, ndivyo mtu anavyokuambia ule kwa amani. Nikasema: "Andika: kabla ya mgeni wa kwanza kupakuliwa, tunaonja kila sufuria mbele ya wenye sherehe."

Akainua mikono. "Ile toa, mama. Mugeni atafikiri sumu."

"Mugeni iko anafikiri sumu tangu zamani! Akikula kwa mutu hamujue, unawaza anafikiri nini? Andika!"

Nilipiga meza, nakiri. Akaandika.

Ukurasa mpya nikamtumia yule mama, na neno moja tu la kuomba radhi. Kimya. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa na hasira na fundi, na ile kofia, na zaidi na ile "sawa" yangu ya kijinga.

Siku ya nne, geti likafunguka. Alikuwa yeye, na kijiko chake kutoka nyumbani, kimefungwa kwenye kitambaa.

"Nilisoma," akasema bila salamu. "Fungua sufuria. Onja."

Sombe ilikuwa inatokota. Nikaonja kwa haraka, ulimi ukaungua, machozi yakanitoka. Hakunionea huruma. Aliniangalia kooni hadi nikameza. Ndipo akakifungua kile kijiko, akachota mwenyewe, akatafuna polepole.

"Chumvi iko kidogo," akasema, akavuta kiti akakaa. "Sasa sikia. Bageni bako mia moja na makumi nane."