Boksi la Slaidi Mia na Ishirini

Maabara nzima walimwita Mama Hadubini. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amesoma slaidi za makohozi kutafuta vijidudu vya kifua kikuu, na kazi hiyo ilimfundisha kutoamini kitu kwa kukitupia jicho mara moja.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, mkuu wa maabara alipomletea chai mezani, alishuku kuna jambo. Mkuu hakuwa mtu wa kupelekea watu chai. Kisha akafunga mlango.

"Dada, wewe ndiye tegemeo letu," alisema huku akisukuma boksi la mbao mbele yake. "Humu mna slaidi mia na ishirini za kurudiwa kusomwa. Majibu nayataka Ijumaa."

"Zimetoka wapi, mkuu?"

"Hilo usiniulize."

Mama Hadubini aliangalia boksi. Halikuwa na jina la kituo wala jibu la msomaji wa kwanza. Ni namba tu zilizoandikwa kwa penseli. Akaomba apewe hadi mchana atafakari. Mkuu alikubali haraka mno, na hilo nalo likamtia shaka.

Wakati wa chakula alimdokeza mpokezi wa sampuli, mwanamke asiyepitwa na neno.

"Shoga, kaa chonjo," mpokezi alimnong'oneza. "Mwaka jana boksi kama hilo alipewa yule mzee aliyekuwa akisoma slaidi kona ile. Haikupita miezi miwili, akahamishwa."

Mama Hadubini alisukuma sahani kando. Je, kulikuwa na makosa yaliyotafutiwa mtu wa kuyabeba? Au walitaka achoke, akosee, kisha waseme macho yake yamezeeka? Hata hivyo, alijua wasiwasi si sababu ya kumpa bosi. Alichukua karatasi akaandika kazi zake kama zilivyo, bila kuongeza chumvi.

Saa nane aligonga mlango wa mkuu.

"Mkuu, nashukuru kwa kuniamini," alisema akiwa bado amesimama. "Ila naomba nisiichukue kazi hii kwa namna ilivyo. Nasoma slaidi ishirini na nne kwa siku, na mwongozo wetu unasema zisizidi ishirini na tano. Nikiongeza hizi hadi Ijumaa, zitakuwa arobaini na nane. Jicho likichoka, mgonjwa ataambiwa hana kitu, kumbe anacho."

Mkuu alivua miwani. "Nani kakwambia ukatae?"

"Hakuna, mkuu. Ni hii hesabu." Akamwekea karatasi mezani. "Kama hizi ndizo za haraka, niambie lipi niliweke kando. Au tuombe muda. Kumi kwa siku naziweza, mtu akinipokea kumi za kawaida."

"Unatafuta kazi kwingine?"

"Hapana."

Mkuu aliipitia karatasi mstari kwa mstari. "Basi, nenda. Acha karatasi."

Siku mbili mkuu hakumsemesha. Wakipishana koridoni, Mama Hadubini aliinamisha kichwa akapita. Jumatano asubuhi alikuta ratiba mpya imebandikwa ukutani. Kwenye mstari wake, ishirini na nne imekatwa, imeandikwa kumi na nne. Ndivyo walivyoanza na yule mzee, alijiambia, kumpunguza kidogo kidogo. Akaenda moja kwa moja ofisini.

"Mkuu, nimekosa nini?"

Mkuu alikuwa ameinama juu ya hadubini yake ya zamani, mkono ukizungusha skrubu. Pembeni yake zilipangwa slaidi kumi.

"Zako hizi," alisema bila kuinua kichwa. "Nimeomba tuongezewe wiki tatu, na walioleta boksi wamekubali. Kumi za kawaida nasoma mimi kila siku. Wewe soma kumi za boksi, kama ulivyoandika."

Mama Hadubini alishusha pumzi. "Na kwa nini ulifunga mlango?"

"Anayerudia kusoma hatakiwi kujua slaidi ni za nani, wala mwenzake aliona nini. Akijua, atamfuata au atamkomoa. Ningekueleza, lakini nilikuona umeshaninunia."

"Na yule mzee aliyehamishwa?"

"Aliomba mwenyewe. Mkewe alikuwa anaumwa huko kwao."

Jibu lilikaa sawa, ingawa angependa kulisikia kwa mzee mwenyewe. Alirudi mezani, akaandika kwenye daftari lake tarehe ya kuanza na idadi, kumi, isizidi. Kisha akadondosha mafuta kwenye slaidi ya kwanza, akaisoma uga kwa uga, kila kipande kinachoonekana kwa lenzi, hadi uga wa mia. Hakuona kijidudu. Akarudi mwanzo, akaisoma tena.