Mstari Uliosimama

Nyuma ya karakana ya baiskeli ya Jilala, mjini Shinyanga, palikuwa na chumba chenye ubao mmoja na mabenchi ya kuazima kutoka msikitini. Hapo Sabiti bin Muhidini alifundisha uchumi jioni, kwa wafanyakazi wa benki waliokuwa wakijiandaa na mtihani wa taaluma yao. Mchana alikuwa mchumi katika ofisi ya mipango ya mkoa.

Alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Tabora. Alisoma chuo kikuu wakati wasomi wa nchi hii walipokuwa wachache, na watu wakasema atafika mbali. Alifika Shinyanga. Mkewe Mwahija alizikwa Tabora, watoto wakaolewa na kuoa huko huko, naye akabaki na nyumba ya vyumba vitatu ambamo redio ndiyo iliyozungumza zaidi. Kuna upweke wa kukosa watu, na kuna upweke wa kujua kitu ambacho hakuna mtu wa kukuuliza. Sabiti alikuwa na upweke wa aina zote mbili, na wa pili ndio uliomchosha.

Mwanzoni darasa lilijaa. Baadaye wengine walihamishwa, wengine walikata tamaa, na kufikia mwaka wa themanini na tatu alibaki Scolastika peke yake, karani wa benki, Msukuma wa upande wa Kharumwa. Alikuwa ameshindwa karatasi ya uchumi wa fedha mara mbili, na mara ya tatu ingekuwa ya mwisho kulipiwa na benki. Akifaulu, benki ingempandisha cheo na kumpeleka Mwanza, ambako binti yake Generosa alikuwa akilelewa na bibi, na tayari ameanza kumwita mama yake "shangazi". Akishindwa, angebaki Shinyanga. Na akibaki, kila jioni mtu angegonga mlango na kusema, "Shikamoo, Mwalimu."

Hilo la mwisho Sabiti hakumwambia mtu.

"Bado mnachora mkasi?" Jilala alichungulia dirishani, mikono imejaa grisi. "Tangu nimekujua unachora mkasi huo huo, Mwalimu. Nguo ya kukata iko wapi?"

"Nguo imeadimika, Jilala. Nenda kapange foleni."

Mkasi wenyewe ulikuwa mistari miwili inayokatana. Mstari wa IS, yaani wa uwekezaji na akiba, ulishuka kutoka kushoto kwenda kulia: riba ikipungua, watu hukopa na kuwekeza, na mapato ya nchi hupanda. Wa LM, yaani wa fedha, ulipanda: mapato yakiongezeka, watu huhitaji fedha zaidi mkononi, na riba huvutwa juu. Benki kuu ikiongeza fedha, LM husogea kulia. Kutoka hapo wataalamu waligawanyika, na mgawanyiko huo ndio uliomwangusha Scolastika mara mbili. Wafuasi wa Keynes, mchumi wa Kiingereza, walisema fedha ikiongezwa haileti mengi. Wamonetaristi walisema ndiyo inayoleta karibu kila kitu. Wote walitumia mkasi ule ule, ila kila upande uliulaza na kuusimamisha kivyake.

Ili asisahau, Sabiti alimtungia mchezo wa maneno. "Kwa Keynes, LM imelala, na fedha nayo imelala. IS imesimama, na mambo yamesimama." Scolastika alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu siku hiyo, baiskeli ikigoma kwa Jilala, alisema IS imesimama.

Jioni ya mwisho kabla ya Scolastika kusafiri kwenda Mwanza kufanya mtihani, Sabiti alimwita ubaoni.

"Haya, Mama Generosa. Sasa nichoree wamonetaristi."

Alichora vizuri. IS aliilaza. LM aliisimamisha wima, akaandika M, ya fedha, juu yake, kisha akageuka na uso wa mtu aliyekwisha kushinda.

"Kwao LM imesimama, Mwalimu. Kwa hiyo mambo yamesimama. Fedha ikiongezwa haifanyi kitu, labda serikali itumie."

Alikuwa amegeuza kila kitu juu chini. Na kosa halikuwa lake. Mchezo wa maneno aliotunga Sabiti ndio uliomfundisha kwamba chochote kilichosimama kimekwama.

Sabiti alifungua mdomo amsahihishe. Nje mnyororo wa baiskeli ulizunguka, ukanyamaza. Akilini alimwona Scolastika akirudi kutoka Mwanza na mizigo yake, akigonga mlango, akisema tujaribu namna nyingine. Akamwona na Generosa, ambaye hakuwahi kukutana naye.

"Umechora vizuri," alisema.

"Wabeja, Mwalimu. Mungu akubariki." Alishukuru kwa Kisukuma, akainama kidogo kama wanavyoinama kwao, akaenda kufunga mizigo.

Sabiti alibaki na ubao. Mstari ule mweupe ulisimama mbele yake kama mtu aliyekuja kudai jambo na hataki kukaa. Alichukua kitambaa afute, akakirudisha chini.

Asubuhi alikuwa stesheni kabla ya treni. Alimkuta Scolastika kwenye behewa la daraja la tatu, dirishani, kikapu mapajani.

"Shikamoo! Umekuja kunisindikiza?"

"Marahaba. Nimekuja kufuta upuuzi wangu. Sahau kulala na kusimama."

Alitoa chaki mfukoni na kuchora kwenye ubavu wa behewa, chini ya dirisha lake. Abiria wakainamisha vichwa kutazama.

"Mzee anapima treni," mtu akasema. "Labda anainunua."

"Niambie," Sabiti aliendelea. "LM ikiwa wima, maana yake watu hawaweki fedha mkononi kwa kungojea riba ipande. Wanaihitaji kwa matumizi tu. Benki kuu ikiongeza fedha, nani ataishikilia?"

Scolastika aliinama zaidi dirishani. "Hakuna."

"Itakwenda wapi?"

"Watanunua dhamana za serikali. Riba itashuka." Akaanza kuharakisha. "Na IS imelala, wakopaji wanaiitikia riba, wanawekeza, mapato yanapanda... mpaka fedha yote ipate matumizi. Mwalimu! Basi jana nilisema kinyume!"

"Jana ulisema nilivyokufundisha. Na upande wa Keynes?"

"Riba ikishuka kidogo tu, watu wanakumbatia fedha, hawanunui dhamana. Kwa hiyo riba haiendi mbali. Na hata ingeshuka, IS iko karibu wima, mwenye kiwanda cha pamba haongezi mashine."

"Kwa nini?"

"Haoni soko. Hapa kwetu haoni hata vipuri."

"Vipuri usiviandike. Hapa riba inapangwa ofisini, wala mtihani haukuulizi habari za Shinyanga."

Filimbi ikalia. Kwa haraka Sabiti alichora LM ya pili, wima, upande wa kulia wa ile ya kwanza, na mshale kati ya hizo mbili. Treni ikaanza kutambaa. Alitembea nayo kidogo, mkono hewani, kisha behewa likamwacha, na mistari yake miwili iliyosimama ikaenda Mwanza bila yeye.

Scolastika alifaulu. Sabiti aliletewa habari na Jilala, aliyeisikia benki. Sanduku ambalo Scolastika aliliacha Shinyanga lilichukuliwa na lori la pamba. Yeye hakupata nafasi ya kurudi. Alituma salamu, na kitenge cha kufunika redio, kwa sababu aliwahi kuona inavyoshika vumbi.

Jioni hiyo Sabiti alifungua chumba kama kawaida. Alifuta ubao wote, akachora mkasi upya, pande zote mbili, taratibu, bila mchezo wa maneno. Halafu akakaa kwenye benchi la wanafunzi, akautazama. Alipotosheka, alimwomba Jilala amsaidie kurudisha mabenchi msikitini.

"Yote, Mwalimu?"

Sabiti alitazama mlango. "Acha moja."