Mama Tano na Ile Chupa Fupi

Watoto watano hakuwa nao. Alikuwa na binti mmoja tu, tena keshaolewa. Jina la Mama Tano alilipatia pale kliniki, kwenye dirisha la dawa, kwa sababu ya maneno aliyoyarudia mpaka watoto waliokuwa kwenye foleni wakawa wanayasema kabla yake: "Mpe tano, mara nne kwa siku, mwende salama." Tano ni mililita tano za dawa ya homa, ile ya rangi ya waridi wanayoipenda watoto na yanayoichukia mashuka. Jina likatoka dirishani, likafika sokoni, likafika mpaka nyumbani kwake. Mumewe fundi cherehani, mtu wa mizaha, akiulizwa atiliwe vijiko vingapi vya sukari alijibu kwa sauti ya dirishani, "Nipe tano."

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Daktari huandika miligramu, lakini hakuna mzazi anayenywesha mtoto miligramu; mzazi ana kikombe cha plastiki chenye mistari ya mililita. Anayevuka kutoka huku kwenda kule ni mtu wa dirishani. Dawa ya homa mtoto hupewa miligramu kumi na tano kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo nane, basi, ni miligramu mia na ishirini. Unageuza chupa, unasoma lebo: miligramu mia na ishirini katika kila mililita tano. Jibu ni tano. Alipoanza kazi Mama Tano aliipiga hesabu hiyo kwa kikokotoo, kila mtoto, kila chupa, akilaumiwa na foleni kwa ukawiaji. Chupa zikaja zilezile mwaka baada ya mwaka, na kikokotoo kikaanza kukaa chini ya daftari. Akiona mia na ishirini mdomo ulisema tano. Sitini, mbili na nusu. Lebo ilikuwa imetoka katikati ya hesabu kimyakimya, na hakuna aliyeiona ikitoka, hata yeye mwenyewe.

Basi siku moja dawa ya homa ikaisha. Mtunza stoo, bwana mmoja mzito wa kutembea na mwepesi wa kuahidi, akamletea katoni mpya, akaitua juu ya kaunta, akasema dawa ya watoto ndiyo hiyo imefika, asisumbuliwe tena. Kiwanda kilekile, rangi ileile, picha ileile ya mtoto anayecheka kwa meno mawili. Chupa tu ndiyo ilikuwa fupi. Mama Tano aliiona, asiseme hakuiona. Aliishika, akaguna kwamba siku hizi hata dawa wanatupunja, akaipanga rafuni.

Mgonjwa wa kwanza wa katoni hiyo, asubuhi ileile, alikuwa mtoto wa fundi wa mageti. Baba mtu alitoka karakana na miwani ya kuchomelea bado iko kichwani, mtoto kamlaza begani, mwili wa moto, macho mazito. Mkewe yuko kazini, alisema, na bibi wa mtoto anamsubiri nyumbani. Cheti kiliandikwa vizuri kabisa: kilo nane, miligramu mia na ishirini, kila baada ya saa sita. Mama Tano alimwonea huruma yule kijana, jinsi alivyokishika kile kichanga kwa mikono ya mafuta kana kwamba kitavunjika. Akaamua kumsaidia. Alijaza kikombe mpaka mstari wa tano, akamnywesha mtoto mwenyewe palepale dirishani, akamfuta mdomo. Akampa baba chupa na kikombe na maneno yake ya siku zote.

Alasiri foleni ilipokwisha akaanza kukunja katoni ili apate nafasi ya kuweka miguu. Chini kabisa kulikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko vibomba vidogo vya plastiki vya kunyonyea dawa, visivyo na sindano, kimoja kwa kila chupa. Akakichukua kimoja. Mstari wake wa mwisho ulikuwa mililita moja na nusu.

Alikitazama kibomba, akaitazama rafu. Dawa ya kupimwa kwa kikombe ina haja gani na kitu kidogo hivi? Akanyoosha mkono, akaigeuza chupa, akafanya jambo ambalo alikuwa hajalifanya siku nyingi. Akasoma. Matone ya watoto wachanga. Miligramu mia moja katika kila mililita moja.

Kikokotoo alikitoa chini ya daftari japo hesabu hiyo hata mtoto wa shule angeifanya kwa vidole. Mia na ishirini gawanya kwa mia moja: moja nukta mbili. Mtoto alitakiwa apewe mililita moja nukta mbili, na yeye kampa tano. Tano mara mia ni mia tano. Miligramu mia tano kwa mtoto wa kilo nane, zaidi ya mara nne ya kipimo chake, na zingine tatu kama hizo kabla siku haijaisha, kwa maagizo yake. Alijua dawa hii ikizidi inakwenda wapi. Inakwenda kwenye ini, na ini la mtoto halipigi kelele mpaka limeshaharibika.

Chupa zilizobaki akazihesabu, akazihesabu tena. Ilikosekana moja. Namba ya simu ya fundi ilikuwa kwenye cheti. Akapiga, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mtu anayekata chuma hasikii simu.

Sitaki kumpamba. Alisimama pale na wazo chafu likamjia: akatoe zile chupa rafuni, anyamaze, na kwa kudra mtoto atapona homa na bibi atasahau dozi. Nani angejua? Lilikuja, likakaa kidogo, akalifukuza. Akaenda mbio kwa matroni, mwanamke mkali asiyependa maneno mengi, akamweleza yote kwa pumzi moja. Matroni hakumgombeza. Aliuliza dozi ya pili ni saa ngapi, na Mama Tano alipojibu kwamba ni sasa hivi, akamsukuma mlangoni huku akipokea ile chupa, na akainua simu kuwaarifu hospitali kuu.

Pikipiki ikamfikisha karakana. Fundi alizima mashine yake, akasikiliza nusu ya maneno. Alitaka kutangulia kwa miguu. Mama Tano akamvuta akae nyuma yake, wakaenda watatu kwenye pikipiki moja, fundi akielekeza njia kwa kidole. Kwenye uchochoro wa mwisho maji ya bomba lililopasuka yalikuwa yamefanya dimbwi, pikipiki ikakwama. Fundi akabaki ananyanyua tairi na dereva. Yeye akashuka, akakimbia kwa viatu vya kazini, kuelekea mlango wa bluu alioonyeshwa.

Mlango ulikuwa wazi. Bibi alikaa mkekani, mjukuu mapajani, kichwa cha mtoto kimeegemea mkono wake. Mkono wa pili ulishika kikombe, na ndani ya kikombe rangi ya waridi ilikuwa imefika kwenye mstari.

"Shikamoo, mama," alisema Mama Tano, maana hata nyumba ikiwaka moto huwezi kumwingilia mtu mzima bila hiyo.

"Marahaba, mwanangu, karibu. Ngoja kwanza nimnyweshe mume wangu dawa yake, kisha tusalimiane vizuri."

"Mama, nakuomba usimpe hiyo."

Bibi akamtazama kuanzia viatu vyenye matope mpaka kichwani. Hakuwahi kumwona. Mgeni kaingia anahema, anakataza mtoto mgonjwa asipewe dawa. Akamvuta mjukuu karibu zaidi na kifua. "Wewe ni nani?"

"Natoka kliniki."

"Dawa nayo imetoka kliniki. Mama Tano mwenyewe kamwambia mwanangu ampe tano. Nami nimepima tano, tena nimeivalia na miwani." Na kikombe kikapanda kuelekea mdomoni kwa mtoto, kwa imani yote ya dunia.

Mama Tano alikuwa na maneno mengine tayari ulimini. Kiwanda kimekosea. Dawa imeagizwa irudishwe, ni kwa nchi nzima, si sisi tu. Maneno mazuri, yasiyomuumiza mtu. Lakini bibi alikuwa hamwamini, na kikombe kilikuwa hakisubiri, na jina pekee ambalo bibi angelisikiliza lilikuwa ni lile lililomwambia amnyweshe.

"Mama Tano ni mimi," alisema. "Nilikosea. Sikusoma lebo. Dawa hii ni kali kuliko ile tuliyoizoea; tano ni nyingi mno, itamdhuru."

Kikombe kilisimama. Bibi alikishusha taratibu sakafuni, dawa isimwagike, kama mtu aliyezoea kuheshimu dawa. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini:

"Na ile ya asubuhi?"

"Ile nilimpa mimi. Kwa mkono wangu huu."

Mama Tano alitamani atukanwe. Badala yake kikongwe alijizoa mkekani, akamnyanyua mjukuu, akamweka mikononi mwa Mama Tano.

"Basi mbebe wewe," alisema. "Twende."

Alimbeba njia nzima mpaka hospitali, joto la mtoto likipenya gauni lake, fundi na mama yake wakifuata na pikipiki ya pili. Mtoto alitolewa damu. Mama Tano alikaa kwenye benchi pembeni ya bibi mpaka daktari alipotoka akaeleza kwamba dozi ile moja mwili utaihimili, kiwango kwenye damu si cha kutisha, ila alale hapo waliangalie ini, na dawa hiyo asiguswe nayo mpaka waseme wao. Zingefuata zile tatu, aliongeza, na kesho na keshokutwa zingine nne nne, basi angekuwa anawaeleza mengine. Fundi akalia hadharani. Mama Tano alilia baadaye, bafuni kwake, bomba likiwa wazi. Tangu jioni ile mumewe akawa anaulizwa vijiko vya sukari na kujibu vitatu, na mkewe hakujua amshukuru au aumie zaidi.

Matroni alimpa onyo la maandishi na akamrudisha dirishani. Kikokotoo sasa kinakaa juu ya kaunta. Huuliza kilo, hupiga hesabu ya miligramu, kisha huigeuza chupa ielekee nje na kuisoma lebo kwa kidole pamoja na mzazi, na foleni hunung'unika kama ilivyonung'unika zamani. Pale kliniki jina lake la utani lilianza kufa. Wenzake waliona haya kulitaja.

Bibi peke yake ndiye hakuona haya. Alimleta mjukuu mwenyewe siku nyingine, mafua yamerudi, homa juu, mtoto mnene kapanda mizani hadi kilo tisa. Alifika dirishani, akaegemea kaunta, akakohoa ili asikike.

"Haya, Mama Tano. Leo ni ngapi?"

Mama Tano alihisi mdomo wake ukifunguka wenyewe, kwa mazoea ya miaka, akaufunga. Akachukua chupa, akaigeuza.

"Sijui bado, mama," alisema. "Sogea tusome."